Fuvu la Rusinga haliwezi kutufikisha Uchina

Mwezi wa saba niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kisiwani Rusinga. Tulivuka daraja la Mbita asubuhi na mapema, tukapanda hadi kwenye makorongo ambako mvua imekwangua miamba ya kijivu ikabaki mbavu tupu. Nikawaeleza kwamba mwaka 1948, kisiwani humo, Mary Leakey alipata fuvu la sokwe wa kale ambaye siku hizi wataalamu wanamwita Ekembo. Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, wakipata fuvu kama hili Brazil, si tutajua mawe ya huko na ya hapa ni ya umri mmoja?"

Swali zuri, na kosa lililomo ndani yake ni letu sisi walimu. Tunafundisha kwamba visukuku hulinganisha matabaka ya miamba ya bara moja na ya bara jingine, kisha tunawaonyesha watoto kisukuku chenye sifa kubwa kuliko vyote tulivyo navyo. Mtoto anajumlisha mambo mawili, anapata jibu lisilo sahihi. Ekembo amepatikana Rusinga na jirani yake Mfangano, basi. Alikuwa mnyama wa mitini, na bahari hakuweza kuivuka. Brazil hatapatikana, na asipopatikana huko hatuambii lolote kuhusu mawe ya Brazil.

Kazi ya kulinganisha mabara inafanywa na viumbe ambavyo wengi wetu hatujawahi kuvisikia. Ninachokipenda kuliko vyote ni graptolaiti. Ukikishika kipande cha jiwe chenye graptolaiti utadhani mtoto amechora kwa penseli juu yake: mstari mwembamba, unang'aa kidogo, wenye urefu wa sentimita mbili au tatu. Usogeze karibu na jicho, uone upande mmoja una meno kama kipande cha msumeno wa kukatia chuma. Kila jino lilikuwa kikombe, na ndani ya kila kikombe aliishi mnyama mdogo sana. Wanyama hao waliishi pamoja kwenye nyumba moja, na nyumba nzima ilielea baharini. Walipokufa walizama hadi kwenye tope la kilindini, tope likagandamana likawa jiwe jeusi linalopasuka kama kurasa za kitabu.

Sifa zake ni tatu, na zote tatu zinahitajika pamoja. Alielea, kwa hiyo alisambaa mbali. Alibadilika upesi, kwa hiyo kila spishi ilidumu muda mfupi kwa hesabu ya dunia. Tena walikuwa wengi, kwa hiyo hata mtafutaji asiye na bahati atampata. Ekembo hana ya kwanza wala ya tatu.

Mtu aliyeonyesha jambo hili waziwazi alikuwa mwalimu wa shule kama mimi. Charles Lapworth alifundisha Galashiels, kusini mwa Uskoti, na siku za mapumziko alizitumia kwenye korongo moja linaloitwa Dob's Linn, karibu na mji wa Moffat. Wanajiolojia wa wakati wake walipoitazama milima ile waliona mawe meusi na ya kijivu yamerundikana, wakakadiria unene wake kuwa maelfu ya mita. Rangi haikuwasaidia, kwa sababu jiwe jeusi la chini lilifanana na jiwe jeusi la juu.

Lapworth alikwenda polepole. Alipasua jiwe tabaka baada ya tabaka, akaandika spishi zipi zimetoka wapi, na hakuchanganya za tabaka moja na za jingine hata kama zimepishana kwa kitambo kidogo. Akagundua kwamba kila kundi la graptolaiti lina ukanda wake, na kanda hizo hufuatana kwa mpangilio mmoja. Kisha, alipozidi kupanda, mpangilio uligeuka. Aliona kanda A, B, C, halafu C, B, A, halafu tena A, B, C. Jibu lilikuwa moja tu: miamba ilikuwa imekunjwa kama shuka, na yale maelfu ya mita yalikuwa tabaka moja la kama mita 100 linalojirudia. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1878. Mwaka uliofuata ndiye aliyependekeza jina la kipindi cha Ordovisia.

Hapo ndipo pa kuvukia hadi Uchina. Korongoni Dob's Linn, mita 1.6 juu ya mwanzo wa tabaka liitwalo Birkhill, ndipo wanajiolojia wa dunia walipokubaliana kuweka mpaka kati ya Ordovisia na Siluria, kiasi cha miaka milioni 443 iliyopita. Alama ya mpaka ni graptolaiti mmoja, Akidograptus ascensus, pale anapoonekana kwa mara ya kwanza. Chini yake kuna ukanda wa persculptus, na chini ya huo kuna wa extraordinarius. Sasa nenda Wangjiawan, karibu na mji wa Yichang, mkoa wa Hubei. Unene wa mawe ni tofauti na katikati pana tabaka la makombe ambalo Uskoti halipo. Ila ukipasua na kupanda, unakutana na extraordinarius, kisha persculptus, kisha ascensus. Ni spishi zilezile, kwa mfuatano uleule. Mwanajiolojia anachora safu mbili kwenye karatasi, moja ya Uskoti na moja ya Hubei, kila moja kwa vipimo vyake, halafu anaziunganisha kwa mistari pale spishi zinapoanza na pale zinapokoma. Mistari ikipishana, kuna mahali amekosea. Isipopishana, anaweza kuanza kuamini.

Nasema kuanza, kwa sababu bado kuna swali gumu. Mwaka 1862 Thomas Huxley aliwaonya wanajiolojia wa London kwamba kufanana kwa mpangilio si ushahidi wa kufanana kwa wakati. Mimi huwaeleza wanafunzi kwa bodaboda. Huku kwetu magharibi, karibu kila mji ulianza na bodaboda ya baiskeli, kisha ikaja ya pikipiki. Anayechimba jalala la Busia na jalala la kijiji fulani cha Siaya atapata vipuri vya baiskeli chini na vya pikipiki juu, kote kuwili. Mpangilio ni mmoja. Lakini pikipiki haikufika kijijini mwaka uleule ilipofika mjini, na anayesema matabaka hayo mawili ni ya mwaka mmoja atakuwa amekosea.

Onyo la Huxley lina uzito hadi leo, na naona tunamkosea mwanafunzi tunapolipita kimya. Kinachowaokoa graptolaiti ni hesabu ya safari. Maji ya bahari za leo huchukua kama miaka elfu moja kuzunguka dunia nzima. Kiumbe kinachoelea kikisambaa kwa muda huo, au hata mara kumi ya muda huo, kuchelewa kwake hakuonekani ndani ya ukanda uliodumu miaka laki kadhaa. Kuchelewa kupo, ila ni kudogo kuliko kipimo chenyewe.

Hata hivyo mambo huharibika, na mtu wa kazi hii lazima ajue dalili. Spishi za bahari ya joto hazikuishi kila mahali kwenye bahari ya baridi, kwa hiyo kutokuonekana kwa ascensus mahali fulani hakumaanishi wakati wake haukupita hapo. Ndiyo maana hakuna anayetegemea spishi moja tu. Unatafuta kundi zima, na ukiweza unapima pia kaboni ndani ya miamba, kwa kuwa mwishoni mwa Ordovisia uwiano wa aina zake ulibadilika katika bahari nyingi kwa pamoja. Pengine ukanda mzima unakosekana, unatoka wa kwanza kuingia wa tatu bila wa pili. Hapo jiwe linakuambia kwamba tope halikutuama au lilitua likafagiliwa, na wakati ule bahari ilikuwa imeshuka kwa sababu barafu nyingi ilikuwa imejikusanya upande wa kusini. Tena kuna jiwe lililovutwa na milima ilipokuwa ikijikunja, likamrefusha graptolaiti mwembamba au likampanua, hadi mtu akamdhania spishi nyingine. Ukiona wote waliolala upande mmoja ni warefu na wote waliolala kukingama ni wafupi, ujue ni jiwe lililovutwa.

Dob's Linn yenyewe ina walalamikaji, na malalamiko yao naona yana haki. Ni mawe ya kilindini tu, hayana makombe ya pwani, hivyo mwenye miamba ya bahari ya kina kifupi hana pa kujishikiza moja kwa moja.

Jambo jingine ambalo wanafunzi hulichanganya ni miaka. Graptolaiti hajui miaka milioni 443. Yeye anajua nani alimtangulia na nani alimfuata. Miaka hutoka kwenye majivu ya volkano yaliyolala katikati ya matabaka, ambayo punje zake za madini ya zirkoni hupimwa umri maabara. Rusinga nasi tumebahatika hapo: mlima wa volkano wa Kisingiri ulimwaga majivu na mawe ambayo umri wake unapimika, kwa hiyo miamba ya Ekembo tunaijua kuwa ya karibu miaka milioni 18 bila kumwomba msaada kiumbe yeyote.

Je, magharibi mwa Kenya hakuna mnyama wa nchi kavu aliyejaribiwa kwa kazi hii? Yupo, na kisa chake nilikieleza tukiwa tumekaa kivulini tukila chapati. Mwaka 1911 mabaki ya jamaa wa ndovu kutoka Karungu, kusini mwa Rusinga, yalielezwa kitaalamu na kupewa jina la Deinotherium hobleyi. Enzi za uhai wa mnyama huyo Afrika ilikuwa inajiunga na Asia, na ndovu wakavuka kwenda kaskazini. Miaka ya 1970 wataalamu wakapendekeza kwamba popote Ulaya na Asia ndovu wanapoonekana mara ya kwanza, hapo pachukuliwe kuwa wakati mmoja. Ilikuwa alama rahisi, na meno ya ndovu hayapotei upesi. Kisha visukuku vikaongezeka, ikaonekana ndovu hawakuvuka siku moja wala ukoo mmoja. Pakistan walikuwa wamefika muda mrefu kabla ya kuonekana Ulaya. Ni pikipiki ya Busia na pikipiki ya Siaya kabisa.

Yule msichana alinyamaza, akaendelea kutafuna. Halafu akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, Kit Mikayi nayo tutailinganisha na nini?" Nikamwambia ukweli: yale ni mawe ya graniti, yaliganda kutoka kwenye uji wa moto zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, kabla ya kiumbe yeyote mwenye kikombe, mfupa au jino. Pale hakuna wa kuulizwa ila punje za zirkoni. Akaitoa kalamu na kuandika kwenye daftari lake: Ekembo, wapi. Graptolaiti, wapi. Kit Mikayi, hakuna. Akapiga mstari chini ya neno la mwisho, tukarudi kwenye basi.