Pasi za 2018 zinaisha 2028: ubalozi unatusumbua au makaratasi yetu ndo yana shida?

"Nilichukua pasi ya kielektroniki 2018, inaisha mwezi wa 5 mwaka 2028. Vidole nilitoa, picha nilipiga, vyeti nilipeleka. Sasa wenzangu huku ughaibuni wananiambia ukienda ubalozini unaanza upya, cheti changu, cha mzazi, NIDA, kila kitu. Kwani ile ya kwanza walimpa nani?"

Hilo la mwisho limenichekesha, ila ndo penyewe hapo. Tatizo linaanzia kwenye neno tunalotumia. Tunasema kurinyu pasi, kama vile kuna mtu atagonga muhuri uongezewe miaka kumi uende zako. Pasi ya Tanzania haiongezewi muda, unaomba kitabu kingine chenye namba nyingine, na Uhamiaji wanalichukulia kama ombi jipya ambalo pasi yako ya zamani ni kiambatanisho kimojawapo tu. Fomu unajaza mtandaoni pale immigration.go.tz, inakupa namba ya ombi na kontrol namba ya malipo, unalipa, unaprinti, unasaini, unabeba na viambatanisho vyako unaenda ubalozini mwenyewe kwa miguu yako kwa sababu vidole haviskaniwi vikatumwa kwa imeili. Ubalozi unapokea, unakagua, unachukua vidole na picha, halafu uamuzi na kitabu chenyewe vinatoka nyumbani, makao makuu ya Uhamiaji. Kwa hiyo yule ofisa wa dirishani unayemgombeza kila wiki mara nyingi hana hata uwezo wa kukupa hiyo pasi, yeye ni kaunta, jiko liko kwingine.

Na kabla sijaendelea, muulizaji amegusa kitu ambacho wengi hawajakipigia hesabu. Pasi za kielektroniki zilizinduliwa Januari 2018, na zile za zamani zikawekewa mwisho wa kutumika 31 Januari 2020. Mtu mzima anapewa miaka kumi. Maana yake pasi za kwanza zinaanza kufa mapema 2028, halafu wale wote waliokimbilia dakika za mwisho mwaka 2019 (na nyie mnajijua) watakutana tena dirishani mwaka 2029. Foleni hii inajulikana tarehe zake kabisa, sio bahati mbaya.

Sasa wanataka nini hasa. Pasi ya zamani na kopi yake, cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo cha kuzaliwa kwake, kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA, picha za pasipoti saizi zenye bakgraundi ya bluu mpauko, na ukiwa nje wanataka pia kuona kibali chako cha ukaazi. Mtoto chini ya miaka 18 anaongezewa ridhaa ya wazazi. Hapo hakuna siri, balozi nyingi wameiweka orodha kwenye tovuti zao, ila isome ya ubalozi wako wewe maana namna ya kulipa na siku za vidole zinatofautiana.

Upande wa serikali una hoja na sitaki tuidharau. Kuzaliwa Tanzania peke yake hakukufanyi Mtanzania, kinachoangaliwa ni uraia wa mzazi, ndo maana cheti cha mama au baba kinaulizwa hata kama wewe una miaka hamsini na wajukuu. Halafu kuna hili la uraia wa nchi mbili. Sheria yetu inasema mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa Tanzania unaondoka. Mtu aliyepewa pasi 2018 akiwa na kibali cha kawaida anaweza kuwa mwaka 2023 alishaapa uraia wa huko aliko na hakumwambia mtu. Kibali cha ukaazi kinachoulizwa dirishani kinajibu swali hilo kimyakimya, kwamba bado uko huko kama mgeni. Ukilitazama hivyo, kuuliza tena baada ya miaka kumi sio uchokozi.

Lakini upande wetu nao una hoja, na mimi naona nzito zaidi kwenye jambo moja. Baba yangu hawezi kuzaliwa upya kati ya 2018 na 2028. Kama cheti chake kilikaguliwa kikakubalika, na vidole vyangu viko kwenye mfumo, na majina hayajabadilika hata herufi, basi cha kuulizwa ni kile tu kinachoweza kuwa kimebadilika, yaani uraia wangu na makazi yangu. Kumwambia mtu aanze kutafuta upya karatasi ya marehemu mzee wake kule Lindi wakati faili liko ofisini ni kumrudishia mwananchi kazi ya masjala. Na gharama haiko sawa, aliyeko Dar akikosa karatasi moja anapanda daladala anarudi kesho, aliyeko nje anapoteza siku ya kazi, tiketi ya treni au ndege, pengine na kulala hoteli. Ubalozi wa Stockholm kwa mfano unahudumia Norwei, Denmaki, Finlandi mpaka Aislandi. Mtu wa Aislandi akiambiwa "picha yako bakgraundi nyeupe, lete nyingine", hiyo picha imemgharimu tiketi ya ndege.

Hapo nasimama na muulizaji. Ila nikiangalia ucheleweshaji niliowahi kuushuhudia kwa macho, mwingi haukutokana na wingi wa karatasi. Ulitokana na karatasi zisizosomeka sawa.

Nikupe wa mwaka 2019 niliofuatilia mwenyewe mwanzo mwisho. Dada mmoja tunafahamiana, anafanya kazi ya kuhudumia wazee, pasi ya zamani imeandikwa Mwanahamisi Athumani Ally. NIDA yake imeandikwa Mwanahamis Athuman Ali. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili tu, Mwanahamisi Athumani, la babu halipo. Kwake yeye ni mtu mmoja na kwa shangazi zake wote ni mtu mmoja, ila kwa mfumo hao ni watu watatu. Fomu alijaziwa nyumbani na mpwa wake kwenye steshenari, na yule kijana wa steshenari akaweka imeili yake na namba yake ya simu ili "isisumbue". Mwezi wa 8 dada akapanda treni masaa manne akatoa vidole, akarudi kusubiri. Akipiga simu anajibiwa bado inashughulikiwa. Wiki saba zikakatika, kumbe hoja ya kutaka maelezo ya majina ilishatumwa kitambo na imelala kwenye imeili ya steshenari chini ya matangazo!

Ilivyotatuliwa: wakili nyumbani akaandaa kiapo cha majina kwamba hayo yote ni ya mtu mmoja, kikagongwa muhuri, kikaskaniwa kikatumwa, orijino ikafuata na mtu aliyekuwa anasafiri. Pasi ikafika Januari 2020, siku chache kabla ya ile ya zamani kufa. Sasa nani alaumiwe? Mpwa na steshenari wana lao. Lakini na ofisi iliyopokea lile faili ilikuwa na karatasi tatu mezani zenye majina matatu siku ile ile ya vidole na mtu mwenyewe amekaa mbele yao, ni kiasi cha kumwambia dada hapa patakukwamisha, hakuna aliyesema. Hiyo ndo lawama yangu kubwa kwa balozi kuliko hata muda wa kusubiri: ukaguzi wa dirishani unahesabu karatasi, hauzisomi.

Na angalieni kiapo cha majina hakitibu kila kitu. Kinafaa pale herufi zimetofautiana au jina la tatu limekosekana. Kama umebadili jina kweli, mfano umeolewa ukachukua la mume au umesilimu, hapo unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na NIDA irekebishwe ifanane. Cheti cha kuzaliwa cha zamani kilichofifia nacho usikibebe hivyo hivyo, kipeleke RITA kihakikiwe kabla, maana karatasi inayotiliwa shaka inarudishwa kwa RITA hata hivyo, na safari hiyo muda unakwenda na wewe uko mbali huwezi kuifuatilia.

Suala la muda linauma zaidi nje kuliko nyumbani kwa sababu pasi inashikilia vitu vingine. Sweden hawakupi kibali kinachozidi uhai wa pasi yako, ukipeleka pasi yenye miezi minane unapewa kibali cha miezi minane na ada unalipa tena. Nchi nyingi hazikuingizi kama pasi ina chini ya miezi sita. Kwa hiyo pasi inayoisha mwezi wa 5, kimatumizi imeshakufa mwezi wa 11 mwaka uliotangulia.

Wengine wanasema dawa ni kwenda kubadilishia nyumbani ukiwa likizo. Inasaidia kweli, jiko liko pale, karatasi iliyokosekana unaipata kesho, na ada tangu 2018 ni shilingi 150,000. Ila ukikwama kwenye majina wakati likizo ni wiki tatu, unabaki na tiketi ya kurudi na huna cha kusafiria. Na usije ukaiacha pasi ife ukiwa ughaibuni ukitegemea hati ya dharura ya ubalozi, ile inakufikisha nyumbani tu, kurudi kazini huwezi nayo hata kama kadi ya ukaazi bado ina miaka miwili.

Kwa hiyo wewe wa mwezi wa 5, 2028: likizo yoyote kabla ya hapo toa pasi, NIDA, cheti chako na cha mzazi, viweke mezani usome jina herufi kwa herufi kama mwalimu anayesahihisha imla. Zikitofautiana nenda kwa wakili ukiwa huko huko, chukua orijino mbili za kiapo. Ombi liingie kati ya mwezi wa 6 na wa 8 mwaka 2027. Na pale kwenye imeili andika ya kwako.