"Samaki hii" ya miaka tisa

"Mzungu wetu ana mwaka wa tisa hapa Mikindani na bado anasema 'samaki hii'. Si uvivu tu huo?"

Angekuwa mvivu, angekosea ovyo. Msikilize sokoni: "mtoto huyu", "mama huyu" hakosei hata siku moja. Ila ni "samaki hii", "kuku hii", "kiti hii", "panga hii". Hiyo ni kanuni: watu ni huyu, vingine vyote ni hii. Haimo katika Kiswahili wala katika Kiingereza chake, ambacho hakina ngeli. Kaitunga mwenyewe. Mwanaisimu Larry Selinker aliupa mfumo wa aina hii jina la "interlanguage" mwaka 1972. Kwetu tuuite lughakati.

Kanuni hiyo imeganda kwa sababu inamlipa. "Nyumba hii" na "korosho hii" ni sahihi, kwa hiyo mara nyingi anapatia. Asipopatia, samaki anapewa vilevile. Mchuuzi humjibu, "Huyu? Elfu tano, kaka." Sahihisho limo humo humo, lakini yeye kasikia bei.

Hapo ndipo tunapomwonea. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya Kifaransa nchini Kanada, wakachapisha mwaka 1997. Asilimia 55 ya masahihisho yalikuwa ya namna ya mchuuzi wetu: mwalimu anarudia sentensi ikiwa imenyooka. Wanafunzi waliyaitikia kwa asilimia 31 tu. Mwalimu alipoiacha sentensi ikining'inia ili mtoto aimalizie, itikio lilikuja kila mara. Ni kweli, kuitikia si kujifunza. Lakini asiyejua kwamba amesahihishwa atabadili nini? Miaka tisa tumemsahihisha kwa njia ambayo sikio lake linaipokea kama "ndiyo, nimekuelewa".

Wanaosema aachwe nao wana hoja. Richard Schmidt alieleza mwaka 1983 habari za Wes, Mjapani aliyeishi Hawaii: kwa miaka mitatu mazungumzo yake yalichanua, sarufi ikabaki karibu palepale, naye hakuona hasara. Na ukimkatiza mtu kila neno, atanyamaza.

Kwa hiyo chagua kosa moja. Kwanza mwambie, "Rudia." Akijirekebisha, kanuni anayo, inamponyoka akiharakisha, anahitaji mazoezi ya kasi. Akirudia "hii" ileile, kanuni hana. Basi weka mezani samaki, kikapu na panga, umkalishe upande wa pili, mikono mgongoni. Aombe bila kutaja jina la kitu: "Nipe huyu", "nipe hiki", "nipe hili". Akisema "nipe hii", usimpe chochote, muulize, "Ipi?" na usubiri. Kwa mara ya kwanza "hii" haitamletea samaki, na atalazimika kutafuta neno jingine. Kisha mchuuzi naye aombwe asiharakishe bei: "Samaki...?" na anyamaze, mpaka mteja amalizie mwenyewe.