Sumu ya chuma kwenye majaruba: anayetoa maji ana hoja

Mpunga umepandikizwa wiki tatu zilizopita, maji yamejaa na mbolea imewekwa. Majani ya chini yanaanza kutoa vidoa vidogo vya kahawia kwenye ncha, navyo vinateremka kuelekea shinani mpaka jani zima linakuwa na rangi ya kutu. Machipukizi hayaongezeki. Ukiling'oa shina, mizizi ni michache na mifupi, imevikwa ganda la rangi ya kutu au imekuwa myeusi. Hizo ni dalili za sumu ya chuma, na hapo wakulima hugawanyika. Wa kwanza husema jaruba liachwe na maji yake, maana lilivurugwa vizuri ili lisivuje, na kuyamwaga ni kupoteza. Wa pili husema fungua mlango wa maji, udongo upate hewa.

Wa kwanza ndio wanaosikilizwa zaidi, na hoja zao si za kubeza. Kuvuruga tope huvunja mabonge ya udongo, huziba vinjia vya maji na kujenga tabaka gumu chini ya kina cha jembe. Magugu mengi hufa, miche huingia kirahisi, na maji yaliyopatikana kwa shida hukaa. Udongo wenye asidi ukishafurika, pH yake hupanda taratibu kuelekea 6.5, na fosforasi iliyokuwa imeng'ang'aniwa na chuma huachiliwa. Hayo yote ni kweli. Tatizo ni kwamba kinachoiachilia fosforasi ndicho kinachokiachilia chuma pia.

Udongo ukifunikwa na maji, vijidudu humaliza oksijeni iliyomo ndani ya siku moja hivi. Baada ya hapo hutumia nitrati, kisha manganizi, kisha chuma kilichokuwa kigumu kama kutu. Chuma hicho hugeuka kuwa cha aina inayoyeyuka na kuingia kwenye maji yaliyo kati ya chembe za udongo. Kwenye udongo wenye asidi kiasi chake huwa kikubwa zaidi kati ya wiki ya 2 na ya 4 baada ya kufurika, kisha hushuka pH inapopanda. Angalia muda huo unavyogongana na ratiba ya shamba: jaruba likivurugwa leo na kupandikizwa baada ya siku mbili, kilele cha chuma kinaikuta miche ikiwa bado inajenga mizizi.

Mpunga una kinga yake. Hupitisha hewa kutoka kwenye majani hadi mizizini, na hewa inayovuja kwenye mizizi hukigeuza chuma kuwa kutu kabla hakijaingia ndani. Ganda la kahawia kwenye mizizi ni alama ya kinga hiyo ikifanya kazi. Mche wenye njaa ya potasiamu, fosforasi au zinki hushindwa kuijenga vizuri. Ndiyo maana majaruba mawili yenye chuma kinacholingana yanaweza kutofautiana, moja likawa jekundu na jingine likabaki kijani. Yuria pekee, bila potasiamu, haiponyi kutu ya majani.

Sasa tuje kwenye hesabu ambayo wanaotetea kufunga maji huiruka. Chukua jaruba la mita 40 kwa 25, yaani mita za mraba 1,000. Tabaka la tope lina kina cha sentimita 15, na tuseme asilimia 60 ya ujazo wake ni maji. Hiyo ni sawa na milimita 90 za maji yaliyomo ndani ya tope, na humo ndimo chuma kilichoyeyuka kinakaa. Jaruba lililovurugwa sana kwenye mfinyanzi laweza kupitisha milimita 2 tu kwa siku kwenda chini. Kwa siku 21 ni milimita 42. Katika kipindi chote cha hatari, hata nusu ya maji ya tope haijabadilishwa, na mizizi imekaa kwenye maji yale yale. Jaruba linalopitisha milimita 10 kwa siku litapitisha milimita 210, zaidi ya mara mbili ya maji yaliyomo, na sehemu kubwa ya chuma itasukumwa chini ya mizizi.

Kwa hesabu hiyo mtu angeweza kusema, basi tuache kuvuruga. Hapo ndipo upande wa kwanza unapopata pointi yake kubwa. Zile milimita 8 za ziada kwa siku ni lita 8,000 kwa jaruba hilo. Kwa siku 21 ni mita za ujazo 168, na skimu nyingi haziwezi kuzitoa. Lakini kutoa maji mara moja, yakiwa na kina cha sentimita 5, kunamwaga mita za ujazo 50 tu. Kuna maji kidogo ya kurudishia unyevu uliopotea, na kuna siku saba ambazo jaruba halinyweshwi kabisa. Anayeitwa mpotezaji wa maji anatumia kidogo kuliko yule aliyeacha jaruba livuje. Ndiyo sababu naona ubishi wa kuvuruga au kutovuruga umewekwa mahali pasipo pake: vuruga kwa kiasi, kisha panga lini hewa itaingia.

Kiasi ni kipi? Baada ya kulima na kulowesha, mipito miwili ya pawa tila kwa kawaida inatosha, na kinachofuata ni kusawazisha. Tope likiwa uji unaofanya miche ielee au izame mpaka majani, limevurugwa kupita kiasi. Mabua mabichi yasizikwe siku chache kabla ya kufurika, maana ni chakula cha vile vijidudu na huongeza kasi ya kuyeyusha chuma. Yazikwe mara baada ya mavuno udongo ukiwa na hewa, yaoze mapema, ndipo potasiamu yake inaporudi shambani bila madhara hayo.

Ukitaka kujua jaruba lako linapitisha kiasi gani, tafuta ndoo mbili za ukubwa mmoja na kata kitako cha moja. Isukume ile isiyo na kitako ndani ya tope, iweke yenye kitako kando yake, na maji ya ndani yawe na kina kilekile kwenye zote. Baada ya saa 24 pima yaliyopungua. Ndoo yenye kitako imepoteza kwa jua na upepo tu. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo iliyozama ardhini. Rudia siku kadhaa zisizo na mvua, kwa sababu milimita 2 ni rahisi kuzikosea kwa kipimo kimoja.

Kutoa maji kwenyewe kuna dirisha lake. Kwa mbegu ya siku 120 iliyokaa kitaluni siku 21, suke huanza kujengwa ndani ya shina kama siku 35 baada ya kupandikiza. Toka hapo hadi maua yaishe, mpunga usikaushwe. Basi fungua mlango maji yatoke siku ya 20 hivi, au vidoa vya kwanza vinapoonekana, na ufunge siku ya 27 hadi 30. Hapa wengi hukosea: wanamwaga maji ya juu, wanaona udongo umeonekana, na wanarudisha maji siku ya tatu. Chuma hakiko kwenye maji ya juu. Tope lililovurugwa huachia maji yake polepole mno, na hewa hupenya milimita chache tu udongo ukiwa bado umejaa maji. Chimba vijifereji vya kina cha sentimita 15 hadi 20 kila baada ya mita 8 au 10, vimwage kwenye mtaro wa upande wa chini wenye kina cha sentimita 30. Bila hivyo unangoja jua na mimea vifanye kazi ya mfereji.

Komea pale unyayo unapoacha alama safi bila tope kung'ang'ania mguu, na nyufa zikiwa nyembamba kama uzi. Zikifikia upana wa sentimita moja zitapasua tabaka gumu, na jaruba litavuja msimu mzima. Hofu ya upande wa kwanza itakuwa imetimia kwa uzembe wako. Hasara nyingine ni naitrojeni. Udongo ukipata hewa amonia hugeuka nitrati, na maji yakirudi nitrati hiyo hupotea kama gesi. Kwa hiyo yuria ya kukuzia isiwekwe kabla ya kufungua maji. Iweke siku ya kufunga, juu ya udongo wenye unyevu, kisha rudisha maji mara moja yaisukume chini. Magugu yatachipua, hilo halikwepeki, na palizi ipangwe wiki hiyo hiyo. Na kama zamu ya maji haina uhakika, usifungue: mpunga wenye kutu una nafuu kuliko mpunga uliokauka ukianza kujenga suke. Katika hali hiyo njia iliyobaki ni kufurika mapema, wiki 3 au 4 kabla ya kupandikiza, kilele kipite jaruba likiwa tupu.

Kuna majaruba ambayo hesabu yangu yote haiyahusu. Jaruba lililo chini ya mteremko hupokea chuma kinachotembea na maji ya ardhini kutoka juu, nayo maji hupanda badala ya kuzama. Dalili ni utando unaong'aa kama mafuta juu ya maji. Ukiugusa kwa kijiti unavunjika vipande vipande, tofauti na mafuta halisi ambayo hujiunga tena. Thibitisha kwa bomba la plastiki lenye matundu upande wa chini tu, lizamishwe sentimita 50, na pembeni lizibwe kwa mfinyanzi. Maji ndani ya bomba yakisimama juu kuliko ya jarubani, yanatoka chini. Hapo kufungua mlango wa jaruba kunasaidia siku chache tu. Kinachotakiwa ni mtaro wa kukinga, uchimbwe kwenye mguu wa mteremko kabla ya jaruba la kwanza, kina cha sentimita 60 au zaidi ili ufike kwenye maji yanayotembea, na umwage nje ya mashamba, usimwage kwenye jaruba la jirani.

Kabla ya kuchimba kina hicho kwenye mabonde ya karibu na mikoko, chukua bonge la udongo wa chini, pima pH, liache kwenye mfuko wazi likiwa na unyevu kwa wiki kadhaa, kisha pima tena. Ikishuka chini ya 4, kuna salfaidi ya chuma humo, na hewa itaigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Mtaro ubaki juu ya tabaka hilo, na maji ya ardhini yasiruhusiwe kushuka chini yake.