Uzito hurudi upesi, urefu je?

Mtoto anayepona unyafuzi anaweza kuongeza uzito kwa kasi ambayo mtoto mwenye afya haifikii. Tuchukue mtoto wa kilo 7 ambaye homa imetulia, hamu ya kula imerudi, na ametolewa kwenye maziwa ya tiba F-75 akaanza chakula dawa, ile pakiti ya karanga, maziwa na madini. Akiendelea vizuri ataongeza gramu 10 au zaidi kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, yaani gramu 70. Mtoto wa kawaida katika mwaka wake wa pili huongeza gramu 7 hivi.

Kila gramu ya mwili mpya hugharimu takriban kilokalori 5. Kwa hiyo, juu ya kilokalori kama 700 za kuendesha mwili, mtoto huyu anahitaji nyingine 350. Pakiti moja ya chakula dawa ina 500, basi anahitaji mbili na kidogo kila siku. Zikigawanywa kwa ndugu zake wenye njaa, mizani itaonyesha ndani ya wiki. Ongezeko chini ya gramu 5 kwa kilo kwa siku linamtaka mhudumu aulize nani anakula pakiti hizo, kisha atafute kifua kikuu, VVU au maambukizi ya mkojo. (Mtoto wa kwashiakoo hupungua uzito kwanza, maana maji ya uvimbe yanatoka. Hilo lisimtishe mama.)

Kinachonivutia zaidi ni namna mbio hizi zinavyokoma. Huko Jamaika, miaka ya 1960, mtafiti Ann Ashworth aliona kwamba watoto waliokuwa wakila kwa wingi hupunguza kula wenyewe, tena ghafla, mara uzito wao unapolingana na urefu wao. Lakini urefu huo wenyewe ni mfupi kuliko wa wenzao. Mwili umejaza umbo dogo, na kliniki humruhusu mtoto akiwa amepona ukondefu huku udumavu ukibaki.

Je, udumavu nao hulipika? Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Mifupa mirefu hukua kwenye gegedu zilizo karibu na ncha zake, na gegedu hizo huzeeka kwa kadiri zilivyokua, si kwa kuhesabu miaka. Mwaka 1994 watafiti walizuia kwa dawa gegedu moja tu ya sungura. Dawa ilipoondolewa, gegedu hiyo ilikua kwa kasi kuliko ya mguu wa pili, ingawa miguu yote ilikuwa ya mnyama mmoja. Ugonjwa basi huahirisha sehemu ya ukuaji bila kuifuta. Vijijini Keneba, Gambia, watoto waliodumaa walisogea karibu na viwango baada ya umri wa miaka miwili bila mradi maalumu, na kwa kuwa balehe yao ilichelewa, waliendelea kurefuka wakati vijana wengine wameshakoma.

Upande wa pili unauliza tunapima nini. Kwa viwango vya WHO, mvulana wa miezi 24 hutarajiwa kuwa na sentimita 87.1. Tuseme mvulana mmoja ana 81.0, amepungukiwa 6.1, na yuko mpakani mwa udumavu. Akifika miaka mitano ana 102.2. Kadi inaonyesha ametoka kwenye mpaka ule, na familia inafurahi. Lakini wastani wa umri huo ni 110.0, kwa hiyo pengo limekuwa 7.8. Amepanda kwenye kipimo kwa sababu mpaka huwekwa kwa kufuata tofauti za kawaida kati ya watoto, nazo hupanuka wanavyokua, si kwa sababu amewakaribia wenzake. Huko Guatemala nako, uji wenye protini uliotolewa vijijini kuanzia 1969 uliongeza urefu wa watoto hadi umri wa miaka mitatu, na baada ya hapo athari haikuonekana.

Mimi naegemea upande huu wa pili kuhusu ushahidi, lakini siukubali uamuzi ambao baadhi ya watu huutoa humo, kwamba baada ya umri wa miaka miwili tusijisumbue. Gegedu bado ina akiba. Inachokosa mara nyingi ni mazingira: kuhara kusikokoma, ugali mtupu usio na dagaa, yai wala maziwa, na upungufu wa zinki.

Hata haraka kupita kiasi ina gharama. Wasichana wa India waliolelewa na familia za Sweden walirefuka upesi walipofika, kisha wengi wakavunja ungo mapema, gegedu zikafunga, wakabaki wafupi. Ndiyo maana mtoto anayeruhusiwa kliniki apimwe urefu kila baada ya miezi mitatu, na pengo liandikwe kwa sentimita kwenye kadi yake, kando ya uzito. Uzito ukiwa sawa na pengo likizidi kupanuka, kumwongezea mafuta na sukari kutamnenepesha tu. Hapo achunguzwe maambukizi, na sahani yake ya kila siku iangaliwe.