Muhuri wa mtaa si stempu

Mtu akinunua kiwanja kisichopimwa kule Chanika kwa shilingi milioni 12, ofisi ya serikali ya mtaa mara nyingi itamwambia kuna asilimia 10 ya mtaa. Hiyo ni milioni 1 na laki 2. Atanung'unika kidogo, ataomba apunguziwe, mwisho atalipa, maana bila hivyo mkataba haupigwi muhuri. Ushuru wa stempu, ambao ni kama asilimia 1 ya bei, yaani laki na 20 elfu hivi, haulipi. Ama hakuna aliyemwambia, ama aliambiwa akaona ni kujipeleka mwenyewe kwa watu wa kodi.

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa Dar es Salaam. Mikataba ya namna hii naipokea karibu kila wiki, mingi ikiletwa baada ya ugomvi kuanza. Maoni yangu ni kwamba wanunuzi wa mji huu wanatoa hela nyingi mahali ambapo hazinunui ulinzi wowote, halafu wanabana kidogo pale ambapo sheria inawadai. Sijawahi kuonyeshwa sheria inayompa mwenyekiti wa mtaa asilimia ya bei ya kiwanja, na viongozi wa serikali wameikemea hadharani zaidi ya mara moja. Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, ipo, na makali yake yanaonekana siku ambayo mkataba unahitajika kweli.

Tuseme mnunuzi wetu wa Chanika amekaa miaka mitatu bila kujenga. Siku moja jirani anampigia simu: kuna mafundi wanachimba msingi. Akifika anakuta mwenzake naye ana mkataba, ameuziwa na mtoto wa mwuzaji baada ya mzee kufariki. Mtaani wanashindwa kupatana, usuluhishi wa Baraza la Kata unagonga mwamba, shauri linafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anapanda kizimbani, anasimulia vizuri tu, kisha anatoa mkataba wake na kuomba upokelewe kama kielelezo. Wakili wa upande wa pili anasimama: "Mheshimiwa mwenyekiti, tunapinga. Hati hii haijalipiwa ushuru wa stempu."

Muhuri mkubwa wa bluu wa mtaa upo pale pale chini ya karatasi, na mteja anaunyooshea kidole. Haumsaidii. Sheria inasema hati inayostahili ushuru haipokelewi kuwa ushahidi katika shauri la madai mpaka ushuru wake ulipwe. Kwa mtu mwenye hati miliki pengine hilo lingekuwa usumbufu tu, kwa sababu jina lake lingekuwa kwenye daftari la Msajili wa Hati. Kiwanja kisichopimwa hakina daftari hilo. Mkataba ukibaki nje, anabaki na maneno yake na ya mashahidi, akishindana na mtu ambaye karatasi yake imepokelewa.

Hapa niwe mkweli, kwa sababu mtaani utasikia eti mkataba usio na stempu ni batili. Si batili. Makubaliano bado ni makubaliano, na kasoro hii inatibika: mahakama kwa miaka mingi zimekuwa zikimpa mhusika nafasi ya kwenda kulipa ushuru pamoja na faini yake, kisha anarudi na hati ikapokelewa. Lakini nafasi hiyo lazima mtu aiombe. Asiye na wakili anasikia tu "pingamizi limekubaliwa" na anakaa chini, hajui kwamba angeweza kuomba ahirisho. Nimeona mtu akitoka nje ya chumba cha shauri na karatasi yake mkononi, akiuliza watu wa benchi lililofuata kosa lake ni nini.

Kupokelewa kwa mkataba nako ni mlango tu. Ndani, baraza linauliza kama yaliyoandikwa ni ya kweli, na hapo ndipo mashahidi wanapofaa au wanapoumbua. Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi na uwe na saini ya anayedaiwa kufungwa nao. Mzee wetu ameshafariki, kwa hiyo mtoto atasema saini si ya baba. Ni nani atajibu? Mwenyekiti aliyegonga muhuri alishindwa uchaguzi akahamia mkoani. Mashahidi wawili wa mnunuzi ni shemeji yake na rafiki yake, ambao hawakumjua mwuzaji kabla ya siku ile. Wakili aliyesaini, ukimhoji, mkataba aliukuta mezani kwa mchapaji jioni, umeshasainiwa. Yeye hakumwona mzee akiandika. Hilo la mwisho ni la kawaida mno hapa mjini, na ni aibu kwa fani yetu. Kazi ya wakili anayeshuhudia ni kumwona mtu akisaini na kueleza kama anamfahamu au ametambulishwa na nani. Akisaini baadaye, ameuza muhuri tu.

Shahidi ninayempenda mimi ni jirani wa mpaka. Yeye anajua kiwanja kilikuwa cha nani, yupo siku ya kupima kwa futi kamba, na jina lake linaingia kwenye mkataba mara mbili: upande wa kaskazini anapakana naye, na chini amesaini. Mke na watoto wakubwa wa mwuzaji nao wasaini. Mke hasa, kama ni nyumba ya familia, kwa sababu Sheria ya Ndoa haimruhusu mume kuiuza bila ridhaa yake, na kesi za namna hiyo zinavunja mauzo yaliyokamilika.

Kuna ujanja mwingine unaonikera zaidi: kuandika milioni 5 badala ya 12 ili ushuru na kodi ya mwuzaji vipungue. Mnunuzi anaokoa elfu 70 ya stempu. Mauzo yakivunjika akidai fedha zake, Sheria ya Ushahidi kwa kawaida haimpi mtu nafasi ya kupinga kwa mdomo masharti yaliyomo kwenye maandishi yake mwenyewe. Amejifungia milioni 7 nje.

Gari lina nafuu. Kadi ipo, na aliyeandikwa kwenye kadi huchukuliwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, ndiyo maana mwenye mkataba ambaye hajabadilisha kadi huteseka. Huko angalau TRA inakutaka ulipe ushuru wa stempu ndipo jina libadilike. Kwenye kiwanja cha Chanika hakuna anayekusukuma.

Kama mkataba wako umelala kabatini bila stempu, peleka ule halisi TRA, si kivuli, pamoja na TIN yako na ya mwuzaji ukiweza kuipata. Watakukadiria, utapewa namba ya malipo, utalipa benki au kwa simu. Siku 30 tangu kusaini zikishapita utakadiriwa na faini, ambayo ni bora uilipe ukiwa huna kesi. Kisha mtafute mwuzaji akiwa bado hai, na majirani wakiwa bado hawajahama, msaini mbele ya wakili anayewaona, karatasi ya kuthibitisha mauzo yale ya zamani, bei halisi na mipaka kwa mita.