«Kila saa 8» si saa nane: kusoma lebo ya dawa kwa saa ya Kiswahili

Shangazi yangu alipewa amoksilini kapsuli 15, na juu ya bahasha mtoa dawa alikuwa ameandika kwa kalamu: «1 kila saa 8, siku 5». Alimeza ya kwanza Jumatatu saa nane mchana. Nilipofika kumjulia hali Jumatano muda mfupi kabla ya saa hiyo hiyo, nilihesabu kapsuli nikakuta 11, ilhali saa 48 zilikuwa karibu kutimia na kwa hesabu ya kapsuli tatu kila siku zilipaswa kubaki 9. Nilipomuuliza kama amesahau, alinijibu kwa uhakika wa mtu asiyekosea: «Sijasahau hata moja, mwanangu. Wameandika saa nane, nami nameza saa nane mchana, nikiamka tena saa nane usiku.»

Shangazi hakukosea kusoma, kwa sababu maandishi yale yanabeba maana aliyoiona. Katika lugha yetu neno «saa» hutaja muda unaopita na pia hutaja nukta kwenye uso wa saa, na «kila saa 8» inaweza kuwa «kila zinapopita saa nane» au «kila inapofika saa nane». Maana ya kwanza inatoa dozi tatu kwa siku, na ya pili inatoa mbili. Kosa hili hujificha vizuri kwa sababu kwenye «kila saa 12» halionekani kabisa: anayemeza saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni anapata kwa bahati pengo lile lile aliloandikiwa. Akishazoea kusoma hivyo bila madhara, siku atakapopewa «kila saa 8» atapoteza dozi moja kati ya tatu, na kwenye «kila saa 6» atameza saa sita mchana na saa sita usiku, yaani nusu ya alichoandikiwa.

Kwa amoksilini hasara hiyo si ndogo. Kwa mtu mwenye figo zima, kiasi cha dawa hii kwenye damu hupungua kwa nusu katika muda wa takriban dakika sitini tu, kisha nusu ya kilichobaki hupungua tena, na kadhalika. Nguvu yake dhidi ya bakteria hutegemea urefu wa muda ambao kiwango chake mwilini kinabaki juu ya kile kinachowazuia kuongezeka. Pengo likirefuka kutoka saa nane hadi kumi na mbili, kinachoongezeka ni muda ambao bakteria wanapumua.

Nilimpigia mfamasia aliyetoa dawa, mbele ya shangazi. Alituambia tusimeze kapsuli mbili kwa pamoja ili kufidia zilizopita, bali tuanze upya mpangilio pale pale: saa 8 mchana, saa 4 usiku, saa 12 asubuhi, na kuendelea hivyo mpaka kapsuli ziishe. Niliandika nyakati hizo tatu kwenye bahasha kwa herufi kubwa na kuyafuta maandishi ya awali kwa mstari, na tangu hapo shangazi hakuhitaji maelezo mengine yoyote.

Hapo ndipo ninapokuwa na maoni ambayo walimu wa sarufi huenda wasiyapende. Kwenye lebo ya dawa ningependa kuona «kila baada ya masaa 8». Najua kwamba wingi wa saa ni saa, na kwenye maandishi mengine nafuata kanuni hiyo. Lakini hakuna mtu anayesema «tukutane masaa nane mchana». Watu wameshalipa neno «masaa» kazi ya kutaja muda peke yake, na kwenye bahasha ya dawa tofauti hiyo inafaa kuliko usanifu. Na bora zaidi ya maneno yote mawili ni kuandika nyakati zenyewe pamoja na sehemu ya siku.

«Mara mbili kwa siku», au «kutwa mara mbili», ni agizo la aina nyingine, kwa kuwa linataja idadi na kunyamaza kuhusu pengo. Wengi wamezoea kuligeuza moja kwa moja kuwa kila baada ya saa kumi na mbili, na kwa dawa nyingi ni sawa, lakini si kwa zote. Chukua furosemidi, dawa ya kupunguza maji mwilini. Anayeandikiwa mara mbili kwa siku kwa kawaida huelekezwa kumeza asubuhi na tena mapema mchana, tuseme saa 2 asubuhi na saa 8 mchana. Pengo la mchana ni la saa sita na la usiku ni la saa kumi na nane, na limefanywa hivyo makusudi, kwa sababu dozi ya pili ikimezwa saa 2 usiku mgonjwa atakesha akienda msalani, na akiwa mzee anaweza kuanguka gizani. Metformini ya kisukari nayo ikiandikwa mara mbili hufuata milo, ili isisumbue tumbo. Kinyume chake, vidonge vya mofini vinavyotoa dawa polepole huandikwa kila baada ya saa 12 kwa maana kamili ya maneno hayo: ukivichelewesha maumivu yanarudi, ukiviwahisha dawa inarundikana mwilini. Kwa hiyo lebo inaposema «mara mbili» bila neno jingine, swali la kumuuliza mfamasia kabla ya kuondoka ni moja tu: «Ya pili nimeze saa ngapi?»

Agizo likiwa kweli ni la kila baada ya saa 12, saa yetu ya Kiswahili inalirahisisha kuliko watu wanavyodhani. Namba haibadiliki, kinachobadilika ni sehemu ya siku. Saa 1 asubuhi inafuatwa na saa 1 usiku, saa 3 asubuhi na saa 3 usiku. Kinachobaki ni kuchagua namba ambayo pande zote mbili utakuwa macho, na ndiyo maana dozi ya kwanza ikiangukia saa 9 alasiri inafaa kuuliza jinsi ya kusogeza ya pili, kwa sababu mwenzake ni saa 9 usiku, na si kila dawa inaruhusu kusogezwa.

Tatizo huja pale simu inapoingia kati. Simu nyingi huhesabu siku kuanzia usiku wa manane, wakati sisi tunaanzia macheo, na tofauti ni saa sita. Mtu anayetaka kengele ya saa 2 asubuhi akiandika 02:00 ataamshwa saa nane usiku; anapaswa kuandika 08:00, na kwa saa 2 usiku aandike 20:00. Kwa mpangilio wa shangazi, saa 12 asubuhi ilikuwa 06:00, saa 8 mchana 14:00, na saa 4 usiku 22:00. Baada ya kuziweka nilizisoma upya moja moja kwa Kiswahili huku yeye akifuata kwa kidole kwenye bahasha. Jumapili alasiri nilipopita tena, bahasha ilikuwa tupu.