Kurasa mbili za mwanzo: jibu tu, au jibu na masharti yake?

"Ripoti ya kisima ina kurasa 140, na sisi tutasoma mbili za mwanzo. Mtaalamu atuandikie jibu basi, au atuwekee na mashaka yake?" Ni swali la diwani wa kata moja ya pwani, kati ya Mikindani na Lindi.

Nitalijibu kwa kisima cha mfano. Nimekitunga, ila tarakimu zake ni za aina inayokutwa kwenye visima vya karibu na bahari.

Kijiji kina watu 3,000. Kisima kimechimbwa mita 90, mahali palipo mita 45 juu ya usawa wa bahari. Maji yakitulia yanasimama mita 41 kutoka juu, yaani mita 4 tu juu ya bahari. Mwezi Aprili, masika yakielekea ukingoni, pampu testi ikafanyika: saa 24 mfululizo, lita 8,000 kwa saa. Maji yakashuka hadi mita 60, na katika saa sita za mwisho yalikuwa bado yanashuka, nusu mita hivi. Sampuli ya maabara ilichukuliwa saa ya pili ya jaribio, na kloridi ikawa miligramu 190 kwa lita, chini ya 250 ambapo watu huanza kuonja chumvi. Kipimo cha mkononi, kinachoonyesha jinsi maji yanavyopitisha umeme na kupanda chumvi inapozidi, kilianza 1,100 na kuishia 1,500. Tarakimu hiyo ya mwisho imo kwenye jedwali la kiambatisho, ukurasa wa 118.

Muhtasari ukasema hivi: "Kisima kina uwezo wa kutoa lita 8,000 kwa saa. Ubora wa maji unakidhi viwango. Kinapendekezwa kuendelezwa kwa matumizi ya kijiji."

Hakuna uongo hapo. Lakini huyo mwandishi wa muhtasari, ukurasa wa 96 wa ripoti yake mwenyewe, anapendekeza lita 5,000 kwa saa, kwa saa zisizozidi 10 kwa siku, kisima kipumzike usiku. Sababu inaeleweka hata bila hesabu ndefu. Maji yakiwa mita 60 kutoka juu, kisimani yako mita 15 chini ya usawa wa bahari, na bahari iko jirani. Wataalamu wa maji ya pwani wana kanuni ya jumla kwamba kila mita ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 za maji baridi chini yake. Ukishusha mita moja kwa muda mrefu, umeipa chumvi nafasi kubwa ya kupanda. Kile kipimo kilichotoka 1,100 hadi 1,500 kwa siku moja ni dalili kwamba safari hiyo ilikwishaanza, tena Aprili, wakati ardhi imeshiba. Kusini huku mvua ni msimu mmoja. Oktoba, korosho zikiwa zinaokotwa, kisima hakijaonja mvua kwa miezi kadhaa.

Sasa weka tarakimu hizo kwenye mkutano wa kijiji. Sera ya Maji ya 2002 ilihesabu lita 25 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo watu 3,000 wanahitaji lita 75,000. Anayesoma muhtasari anazidisha 8,000 kwa saa 10, anapata 80,000, anapiga makofi. Anayesoma ukurasa wa 96 anapata 50,000, ambazo ni za watu 2,000. Vitongoji vinavyobaki nje, watu 1,000, havikutajwa popote kwenye kurasa mbili. Tangi, bomba na pampu vitanunuliwa kwa hesabu ya kwanza.

Upande wanaotaka jibu tu, hata hivyo, haupaswi kubezwa. Wanaujua mkutano kuliko sisi wa vipimo. Ukiandika "huenda maji yakawa na chumvi baadaye", sentensi hiyo ndiyo itakayotoka na watu mlangoni. Hakuna atakayekumbuka kwamba leo maji ni mazuri. Asiyetaka bomba lipite shambani kwake atainukuu. Michango itasita. Na mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, hausubiri mtu aelewe maana ya "huenda". Huku nyuma kina mama wanaendelea kuchota dimbwini. Nimeona ripoti zenye muhtasari wa kurasa tisa, kila sentensi ina "inakadiriwa" na "kwa kuzingatia", na ukimaliza hujui kama mtu anakubali kisima au anakikataa. Mwandishi wa namna hiyo anajikinga mwenyewe, na msomaji anabaki na mzigo.

Pamoja na hayo, mimi nasimama upande wa pili, kwa sababu moja: kwa msomaji ambaye hatafungua mwili wa ripoti, sharti lisilokuwemo kwenye muhtasari halipo. Fundi wa pampu hatafika ukurasa wa 96. Jumuiya ya watumia maji nayo haitafika.

Haimaanishi kila shaka lipewe nafasi. Kipimo changu ni uamuzi: jambo hili likijulikana, kuna kitu ambacho mtu atakifanya tofauti? Majina ya tabaka za mawe, njia iliyotumika kutafuta maji chini ya ardhi, kina cha kila aina ya udongo, vyote hivyo vibaki ndani. Havibadilishi ukubwa wa tangi. Kasi ya kusukuma, saa za kupumzika na dalili ya chumvi vinabadilisha, kwa hiyo viingie, tena viingie kama maagizo yenye tarakimu badala ya wasiwasi. Ningeandika:

"Kisima kifungwe pampu ya lita 5,000 kwa saa, ifanye kazi saa zisizozidi 10 kwa siku. Kiasi hicho kinatosha watu 2,000; watu 1,000 wanaobaki wanahitaji chanzo kingine. Kwa kasi ya lita 8,000 maji yaliongezeka chumvi ndani ya siku moja. Kipimo cha chumvi kichukuliwe kila mwezi, na kila wiki kuanzia Septemba mpaka mvua. Kikifika 1,500, saa za pampu zipunguzwe na mhandisi wa wilaya aitwe."

Ni sentensi tano, na neno "huenda" halimo. Sharti limekaa ubavuni mwa tarakimu yake. Likitupwa mwisho chini ya kichwa cha "Changamoto", halisomwi, maana wengi huishia penye mapendekezo.

Kosa lile la 8,000 huzaliwa kwa njia ya kawaida kabisa. Muhtasari huandikwa mapema, majibu ya pampu testi yakiwa mezani na uchambuzi bado, kisha hakuna anayeurudia. Unaweza kulinasa kwa kuchukua kila sentensi ya muhtasari na kuandika pembeni ukurasa unaoibeba. Sentensi ya lita 8,000 itakupeleka kwenye jedwali la jaribio wala si kwenye mapendekezo, na hapo utajua. Kisha mpe fundi wa pampu kurasa hizo mbili peke yake, umuulize atawasha saa ngapi na nini kitamfanya azime. Akishindwa kujibu, muhtasari urudi mezani.

Kuna gharama ambayo sina dawa yake. Sentensi ya watu 1,000 itazua ugomvi wa vitongoji, kila kimoja kikidai kisiwe ndicho kinachosubiri, na huenda mradi ukachelewa msimu mzima. Wa upande wa kwanza watasema nilikwishaambiwa. Ila ugomvi huo ukija kabla ya bomba kufukiwa, njia ya bomba bado inaweza kubadilishwa, na fedha ya chanzo cha pili inaweza kuombwa kwenye bajeti inayofuata.